Mdomo Utangulie Mkono

Nopoko aliolewa upande wa juu wa kijiji, katika ua wa ukoo wa mumewe, na tangu siku aliyoingia na kapu lake kichwani hakuna aliyemwona amekaa bure. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na alipokuwa akitwanga mtama mtu angedhani mchi ndio unaomwinua yeye. Darasani alifika mwaka wa tano, basi. Lakini walipotafutwa watu wa kujitolea kugawa dawa ya kuwakinga watoto na malaria wakati wa mvua, jina lake lilitajwa kwanza, kwa kuwa alijua kusoma maandishi ya paketi na hakuwa mwanamke wa kelele.

Kwa nje ndivyo alivyoonekana. Ndani kulikuwa na jambo lililojulikana na watu wawili tu, yeye na mumewe Sibiri. Alipokuwa mjamzito walimpima kliniki ya mjini, wakamwambia ana virusi vya Ukimwi. Sibiri alipima baada yake, jibu likawa lile lile. Kabla ya kurudi nchi jirani ya Kodivaa kwenye mashamba ya kakao, Sibiri alimshika mkono akamwambia, "Kunywa dawa, mnyweshe mtoto dawa, lakini mama asijue. Unakumbuka walivyomfanya mke wa mhunzi." Nani asiyekumbuka? Walimtoa yule mama na mkeka wake na sufuria yake, hata kibuyu alichonywea walikivunja, na aliyekuja kumchukua ni kaka yake kwa baiskeli.

Basi Nopoko alizika siri yake ndani ya chungu cha sumbala, kiungo cha mchuzi cha mbegu zilizochachushwa. Sumbala inavyonuka, nani ataingiza mkono humo kutafuta kisicho sumbala? Chini, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, zilikaa dawa zake na za mwanawe Relwende. Kila asubuhi aliponda kidonge cha Septrini, akakichanganya kwenye uji, mtoto akala. Relwende alipopimwa mjini alikutwa hana virusi, lakini bado alinyonya, na waganga walisema aendelee na Septrini mpaka atakapoachishwa ziwa na kupimwa kwa mara ya mwisho. Alikuwa ametimiza mwaka na miezi kidogo, anatembea kwa kuegemea ukuta wa ghala.

Msimu wa mvua uliotangulia mambo yalipita salama, kwa sababu ua wake aliuhudumia mwenyewe. Watoto wa shemeji zake aliwapa dawa mmoja mmoja, na alipofika kwa wa kwake alijifanya ameshampa, kwa maana kliniki walimwambia haichanganywi na Septrini. Hakuna aliyeuliza. Mwaka huu alipanga kufanya vivyo hivyo.

Mvua za kwanza zilipokwisha kuotesha mtama, Zerbo aliwaita wahudumu wote wa kujitolea kwenye baraza la zahanati. Zerbo alikuwa ndiye mganga pale, mtu wa kabila la Wasamo, mgeni wa mwaka mmoja tu kijijini. Na kwa kuwa Wasamo na sisi Wamosi ni watani tangu enzi za mababu, hapakuwa na mkutano wake ulioanza kwa heshima.

"Wewe mtumwa wangu," Kalizeta, mmoja wa wahudumu, alimwambia kabla hata hajaketi, "harakisha. Magugu yananisubiri shambani."

Kalizeta huyu alikuwa na mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili. Kijijini walisema ukitaka habari ifike sokoni kabla yako, mnong'oneze Kalizeta.

"Mtumwa ni wewe," Zerbo alijibu. "Babu yangu alimnunua babu yako kwa kichwa cha mbwa, akarudishiwa chenji."

"Kichwa cha mbwa mlikuwa mmeshakila!" Kalizeta akarusha, maana Wasamo hutaniwa kuwa ni wala mbwa.

Watu wakacheka, Nopoko naye akacheka. Relwende alikuwa mgongoni, amelala.

Zerbo akainua kikombe kitupu, na uso wake ukabadilika. "Utani umekwisha. Sikilizeni. Dawa hii si peremende. Inakinga, lakini kuna mtoto ambaye kwake ni hatari, na mtoto huyo hana alama kwenye paji la uso. Kwa hiyo, kabla mkono haujaingia kwenye mfuko, mdomo utangulie. Uliza. Kila mtoto, kila mwezi, hata kama jana ulikula naye."

Akawafundisha, huku akiwanyooshea kidole wajibu. Mtoto ana umri gani? Asiyetimiza miezi mitatu hapewi, aliyepita miaka mitano hapewi. Angalia kadi ya chanjo. Kama haipo, uliza alizaliwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna, usikisie kwa kimo, maana kuna wafupi wa miaka minne na mabonge ya mwaka mmoja. Umri ukishajulikana ndipo uchukue paketi, kwa sababu ya walio chini ya mwaka ni ndogo na ya waliozidi mwaka ni kubwa. Soma tarehe ya mwisho.

"Mtoto mwenye homa?" akauliza.

"Tunampa apone," akajibu mzee mmoja mfuga mbuzi.

"Hapana, baba yangu. Mwenye homa huenda malaria imeshaingia, na hii ni ya kuzuia, haitoshi kutibu. Mlete nimpime damu. Na aliyemeza dawa za malaria mwezi huu? Msimpe, mlete. Aliyewahi kuvimba au kutoka vipele baada ya dawa hii? Msimguse. Mlete."

Nopoko alikuwa akiitikia kwa kichwa. Yote hayo aliyajua. Kisha Zerbo akavuta kiti karibu.

"Na mtoto anayekunywa Septrini kila siku. Huyo asipewe kabisa. Ndani ya dawa yetu mna salfa, na Septrini ni salfa. Ni ndugu wa tumbo moja. Ukizikutanisha mwilini mwa mtoto, mara nyingi halitokei jambo. Lakini likitokea..." Alikiweka kikombe chini. "Nilikotoka kulikuwa na binti mdogo. Mhudumu hakuuliza. Baada ya siku chache midomo ikawa vidonda, macho yakatunga usaha, ngozi ya mgongo ikabanduka kama ganda la kitunguu. Tulimkimbiza hospitali kubwa. Aliishi, ila macho yake hayakurudi yote. Mtaniambia ni nadra. Ni nadra sana. Lakini nadra nayo ina mama yake."

Nopoko aliupeleka mkono nyuma akaushika mguu wa mwanawe, mguu wenye joto la usingizi.

Yule mfuga mbuzi akauliza, "Je, akiruka hiyo Septrini siku moja?"

"Dawa haitoki mwilini kama mgeni uliyemwonyesha mlango, baba. Akiruka siku moja bado imo. Wala asiiache. Septrini yenyewe inamkinga kiasi na malaria. Alale ndani ya chandarua, mama amlete kwangu."

Hapo Nopoko akaona mlango mmoja umefungwa, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa limempitia akilini. Akajituliza: si neno, ua wangu ninauhudumia mimi.

"Jambo la mwisho," Zerbo akasema. "Mwaka jana mliwapa hata watoto wa miaka saba, kwa sababu shangazi alinuna na mjomba alikaza uso. Mwaka huu hakuna kuhudumia ua wa kwenu. Kalizeta utachukua upande wa juu. Nopoko utakwenda upande wa kisima."

Upande wa juu ni kwao. Nopoko alisikia masikio yakivuma kama mtu aliyezama mtoni. Kesho, Kalizeta mwenyewe, katikati ya ua, mbele ya wake za shemeji zake na watoto wao, atapaza ile sauti yake: *Huyu anakunywa Septrini?* Na nani asiyejua wanaokunywa Septrini kila siku ni wenye ugonjwa gani? Na atakayejibu si yeye. Kwetu mke kijana hamsemei mtoto wake wa kwanza mbele ya mama mkwe. Bibi ndiye mwenye mtoto, bibi ndiye mwenye maneno. Mama mkwe, ambaye kijiji kizima kilimwita Yaaba, atajibu kwa moyo mweupe kwamba mjukuu wake hanywi kitu. Na kikombe kitafika mdomoni.

Nopoko hakuwa mtu wa kuuliza mikutanoni. Siku ile alijisikia akisema, "Na kama mama hawezi kusema mbele ya watu?"

Watu wakageuka. Kalizeta akapiga makofi. "Makubwa! Mama gani huyo anaona haya kusema mwanawe kameza nini? Kaiba?"

Zerbo hakucheka. Alimtazama Nopoko kidogo, kisha akaondoa macho haraka. "Ni swali zuri. Tufanye hivi. Kila mama aitwe pembeni, yeye na mtoto wake. Nasema kila mama, asiachwe mmoja, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Ajibu yule anayemlisha mtoto na kumpa dawa kwa mkono wake, si mwenye ua. Na ukimkataza mtoto, kwa sababu yoyote, sema neno moja tu: aende zahanati. Sababu ni yangu na ya mama yake. Atakayeibeba sababu nje, asirudi hapa. Umesikia, Kalizeta?"

"Kwani mimi ndiye mwenye mdomo peke yangu?"

"Peke yako una midomo mitatu."

Wakacheka tena. Safari hii Nopoko alishindwa.

Njiani Kalizeta alimfuata. "We Nopoko, kwenu kuna nani asiyeweza kusema?"

"Niliuliza tu."

"Mtu hachimbi panya pasipo shimo," Kalizeta akasema, akakata kona kuelekea kwake, akimwacha na hofu moyoni.

Asubuhi Nopoko aliponda Septrini kama kawaida, kipande kimoja kikaanguka majivuni. Alikuwa ameamua kumbeba mtoto na kuondoka naye. Alipokuwa akifunga kanga, Yaaba alitoka ndani.

"Unampeleka wapi mume wangu?" Ndivyo alivyomwita mjukuu.

Nopoko alipiga magoti, macho chini. "Nakwenda naye kazini, Mama."

"Uzunguke naye nyua za watu, kila mwenye kikohozi amkoholee? Na dawa inakuja hapa hapa leo. Mwache. Atakula kwangu, atapewa dawa na wenziwe, wewe utarudi jua likiwa kichwani."

"Mama, anasumbua..."

"Ananisumbua mimi au wewe? Lete."

Akamtwaa. Nopoko alibaki amepiga magoti, mgongo wake ukiwa mwepesi ghafla, na wepesi ule ulimwogopesha kuliko mzigo wowote. Angesema nini? Kila neno lilikuwa na mkia, na ukiuvuta mkia unatoka chungu cha sumbala.

Akaenda upande wa kisima na mfuko wake. Katika ua wa kwanza alimwita mama mmoja pembeni, karibu na banda la kuku, akamuuliza kama alivyofundishwa. Homa? Hapana. Dawa za malaria mwezi huu? Hapana. Vipele? Septrini? Mama yule akatikisa kichwa kwa haraka, na Nopoko akamtazama kwa muda mrefu, kwa maana alijua jinsi inavyokuwa rahisi kutikisa kichwa. "Mimi sitamwambia mtu," alisema. Mama akarudia, hapana. Akamkorogea mtoto dawa kwenye maji safi, akamnywesha, akangoja nusu saa kuona kama atatapika. Kungoja kule kulimmaliza. Kila alipotazama kuku wanachakura, aliona mikono ya Yaaba na kikombe. Mtoto wa watu hakutapika. Nopoko alimwachia mama vidonge vya siku mbili zilizobaki, akavaa mfuko begani, akatoka. Alitembea mpaka kona. Baada ya kona akakimbia.

Mwanamke mzima hakimbii hovyo kijijini kwetu, isipokuwa kuna moto au maiti. Watu walisimama mashambani wakamtazama. Mmoja akamwita, "Nopoko, kuna nini?" Hakugeuka.

Alizisikia sauti kabla hajafika. Ugomvi.

"Nimesema nimwone mama yake, Yaaba!" Hiyo ilikuwa ya Kalizeta.

"Na mimi ni nani hapa? Mbuzi? Watoto wote wa ua huu wamekunywa, mjukuu wangu peke yake anyimwe? Umeshaikoroga, sasa unaikalia ya nini?"

"Nilikoroga kabla ya kuuliza, kosa langu. Ulipojibu wewe nikakumbuka. Dokta amesema anayemlisha ndiye ajibu. Wewe unamlisha?"

"Namlisha! Hanywi dawa yoyote, mzima kama jiwe. Lete hapa!"

Nopoko aliingia uani wakati kikombe kikitoka mkononi mwa Kalizeta na kuingia mkononi mwa Yaaba. Relwende alikuwa mapajani mwa bibi yake, kichwa nyuma, mdomo wazi, maana alikuwa mtoto asiyekataa kitu. Maji ya njano yakainamia midomo yake.

Mkono wa Nopoko ukapiga kikombe. Kilimponyoka Yaaba, kikagonga ukuta wa ghala, dawa ikamwagika mavumbini.

Kwetu mke hampokonyi mama mkwe hata ufagio. Wake za shemeji walijishika vifua. Yaaba alitazama kiganja chake kitupu kana kwamba si chake.

"Umenipiga," alisema taratibu.

"Sikukupiga, Mama." Nopoko alikuwa amekwisha kuanguka magotini, ameshamkumbatia mtoto, na kwenye mdomo wa chini wa Relwende aliona tone dogo la njano. Akalifuta kwa kanga, akalifuta tena. "Nisamehe, Mama. Nisamehe."

"Ana nini mtoto wa mwanangu? Sema. Ana nini?"

Kalizeta akamwinua Nopoko kwa kwapa kama mtu ainuavyo gunia. "Pembeni. Kila mama pembeni. Hata hawa wenzako niliwaita."

Nyuma ya ghala palikuwa na mabua ya mwaka jana na joto. Walisimama uso kwa uso. Mtu wa mwisho duniani, Nopoko alifikiri, mtu wa mwisho kabisa ambaye ningemwambia. Mtoto akacheza na mkufu wa Kalizeta.

"Sema," Kalizeta akasema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona.

"Anakunywa Septrini."

Macho ya Kalizeta yaliondoka kwa Nopoko yakaenda kwa mtoto, yakarudi. Shavu lake lilitikisika, na Nopoko hakuweza kujua kama ni huruma au ni mtu anayeonja habari ulimini.

"Na leo?"

"Asubuhi, kwenye uji."

"Mungu wangu. Nilikuwa nimeshaikoroga," Kalizeta akasema, akaifuta mikono yake minene kwenye kanga. "Nilikuwa nimeshaikoroga."

Walipotoka, alisimama katikati ya ua akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Huyu aende zahanati."

"Kwa nini?" Yaaba akauliza.

"Aende zahanati."

"Nakuuliza wewe binti wa watu, kwa nini?"

"Sababu ni ya dokta. Mimi nimetumwa neno moja, nimelisema."

Yaaba akainuka, akachukua fimbo yake. "Basi na mimi nakwenda. Nikaisikie hiyo sababu kwa masikio yangu."

Wakaenda wote watatu, mtoto akiwa wa nne. Njia ile fupi Nopoko aliiona ndefu kama ya kwenda Kodivaa. Yaaba alitangulia bila kugeuka. Kalizeta alifuata, na kila alipovuta pumzi ya kutaka kusema, Nopoko alimbana mtoto kifuani.

Zerbo aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa nusu. "Mama na mtoto waingie. Wengine benchi."

"Mimi ndiye bibi," Yaaba akasema.

"Ndiyo maana nakupa benchi lenye kivuli, bibi yangu." Akafunga mlango.

Ndani, Nopoko alisema kwa mara ya pili siku ile maneno ambayo hakuwa ameyasema tangu mtoto azaliwe. Zerbo hakumuuliza ugonjwa aliupata wapi wala kwa nani. Alimkalisha Relwende mezani, akafungua mdomo wake, akatazama ulimi, ufizi, kope, kifua na mgongo.

"Alimeza?"

"Tone. Mdomoni. Nilifuta. Sijui kama alilamba."

"Tone si dozi. Sitarajii jambo. Lakini sitakudanganya kwa kukwambia usitazame. Kwa wiki mbili, mwangalie asubuhi na jioni. Upele, vidonda mdomoni, macho mekundu, homa, ukiona hata kimoja, acha Septrini na njoo papo hapo, usingoje kuche. Usipoona kitu, endelea nayo kila siku. Na chandarua."

"Na Mama? Nimwambie nini?"

Zerbo akakuna ndevu. "Kumwambia ni haki yako, siyo kazi yangu. Mimi nitamwambia mtoto huyu ana dawa yake ya kliniki ya mjini na haichanganywi na hii. Huo ni ukweli. Akiuliza zaidi, nitamwambia mimi ni Msamo, sijui kitu."

Nopoko alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Alimvalisha mwanawe shati taratibu, kifungo kwa kifungo, kwa sababu hakutaka kufika mlangoni. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka kwenye benchi sauti ya Kalizeta ilikuwa ikiingia, nene, isiyokatika.

"...hapana Yaaba, si hivyo, nakwambia yule jogoo aliingia mwenyewe kwenye sufuria, mimi nilifunika tu..."

"Nakuuliza habari ya mjukuu wangu."

"Nakuja huko, Yaaba, nakuja. Ngoja kwanza nimalize habari ya jogoo."

Nopoko alisimama, mtoto kifuani, mkono kwenye komeo. Hakufungua. Alisikiliza jogoo akikamatwa, akitoroka, akikamatwa tena, na katikati ya kila sentensi alingoja neno moja litoke katika mdomo ule. Kidole chake kilipita juu ya midomo ya Relwende, mara ya kwanza, mara ya pili, kikitafuta kipele ambacho bado hakikuwapo.